Ukuta wa Buluu Kugeuka Rangi ya Duka

Kampuni kubwa hazina mzaha na rangi. Tiffany, wauza vito wa New York, wana buluu yao ambayo kampuni ya Pantone imeipa namba 1837, mwaka ule duka lilipoanzishwa. Huku kwetu mpita njia wa Mombasa au Nakuru hahitaji kusoma maandishi ili ajue kwamba kibanda kile cha kijani ni cha M-Pesa ya Safaricom, na mwenzake wa Dar es Salaam anajua kwamba M-Pesa ya Vodacom huvaa nyekundu. Siku hizi hata fundi cherehani mwenye mashine mbili ana nembo, na dizaina aliyemchorea nembo amemwandikia rangi zake kwenye karatasi kwa alama kama #3F9C8F.

Shida huanza kwenye picha. Nembo ni ya kijani cha bahari, vipeperushi ni vya kijani cha bahari, lakini mwanamitindo aliyevaa gauni jipya la kitenge amepigwa picha mbele ya ukuta wa buluu, kwa kuwa ndio ukuta uliokuwapo. Picha kumi zikipangwa kwenye ukurasa wa Instagram, kila moja na ukuta wake, duka linaonekana kama maduka kumi. Kupaka ukuta upya ni gharama, na huenda ukuta wenyewe ni wa jirani. Ndipo mhariri wa picha anapoitwa, na chombo anachokimbilia ni kile cha kuchagua rangi kwa ukoo wake, ambacho kwenye skrini huandikwa Hue.

Kompyuta huipima rangi kwa mambo matatu. La kwanza ni ukoo: je, ni nyekundu, njano, kijani au buluu? La pili ni ukolezi, yaani rangi imekolea au imepauka. La tatu ni mwanga, kwamba iko gizani au nuruni. Mpangilio huu wa hesabu ulielezwa na Mmarekani Alvy Ray Smith mwaka 1978, na hadi leo programu za picha huutumia au hutumia ndugu yake wa karibu. Koo zote hupangwa kwenye duara la nyuzi 360. Nyekundu iko kwenye sifuri, njano kwenye 60, kijani kwenye 120, rangi iliyo kati ya kijani na buluu kwenye 180, buluu kwenye 240, waridi la zambarau kwenye 300, kisha duara linarudi kwenye nyekundu.

Faida ya kuyatenganisha mambo hayo matatu inaonekana pale ukutani. Ukuta wa buluu uliopigwa jua upande mmoja na kivuli upande mwingine una mamia ya rangi ukizihesabu pikseli kwa pikseli, lakini karibu zote ni za ukoo mmoja. Mhariri akisogeza ukoo peke yake, kivuli kinabaki kivuli, ufa wa plasta unabaki ufa, na jua linabaki lilipokuwa. Anayechukua brashi na kumwaga rangi moja juu ya ukuta huvifuta vyote hivyo, na ndiyo maana ukuta wake huonekana kama karatasi iliyobandikwa nyuma ya mtu.

Kabla ya kugusa chochote, hata hivyo, mhariri mzoefu huuliza swali moja: ukuta uko nyuzi ngapi, na ngozi iko nyuzi ngapi?

Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tii, maji ya kunde au nyeupe, hukaa kwenye eneo moja dogo la duara, kati ya nyekundu na chungwa, takriban nyuzi 10 hadi 40. Rangi yake hutokana na melanini na damu, na watu hutofautiana zaidi kwa mwanga na ukolezi kuliko kwa ukoo. Hii ndiyo sababu stidio za filamu hutundika pazia la kijani au la buluu nyuma ya waigizaji: rangi hizo ziko mbali na ngozi kwenye duara, na kompyuta haiwezi kuzichanganya. Ukuta wa buluu au wa kijani basi ni bahati. Ukuta wa krimu, wa tofali, wa udongo au wa mbao ni balaa, kwa sababu uko ukoo mmoja na uso wa mtu aliyesimama mbele yake. Mhariri akisogeza chungwa la ukuta, anausogeza na uso, na mwanamitindo anaibuka na mashavu ya kijani.

Tuchukue picha ya yule fundi cherehani. Ukuta ni wa buluu ya kawaida inayopakwa nyumba nyingi, na sehemu yake yenye nuru ya wastani inasomeka 111 nyekundu, 163 kijani, 200 buluu. Hesabu ya ukoo inaupeleka kwenye nyuzi 205. Rangi ya duka, #3F9C8F, ni 63, 156 na 143, na ukoo wake ni nyuzi 172. Kwa hiyo ukuta unatakiwa kurudi nyuma nyuzi 33 kwenye duara. Programu itakayotumika hapa ni GIMP, kwa kuwa ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya wastani. Anayetumia Photoshop atakuta vyombo vyenye majina yanayofanana.

Njia fupi ni kufungua Colors > Hue-Saturation. Dirisha lake lina koo sita, kila moja na herufi yake: R, Y, G, C, B, M. Mtu huchagua ukoo mmoja, husogeza kidude cha Hue, na rangi za ukoo huo peke yake zinageuka. Kwa ukuta wa nyuzi 205, mhariri mgeni atachagua C, ukoo ulio kwenye 180, kwa sababu ndio ulio karibu zaidi. Atasogeza hadi -33 na kufurahi, mpaka akuze picha. Sehemu zenye nuru zimegeuka kijani cha bahari vizuri kabisa, ila vivuli vya nyuma ya bega na kona ya juu vimebaki na mabaka ya buluu.

Kilichotokea ni mpaka. Ukoo wa C uko 180 na wa B uko 240, na mpaka wao uko katikati, kwenye 210. Ukuta wa nyuzi 205 umejengwa juu ya mpaka huo: nuru yake iko upande wa C, na vivuli, ambavyo mara nyingi huelekea buluu zaidi kwa kuwa vinaangazwa na anga badala ya jua, vimevuka kwenda upande wa B. Kidude cha Overlap, kilicho kwenye dirisha hilo hilo, hulainisha mpaka ili koo jirani ziingiliane, na mara nyingine hilo linatosha. Kwenye Photoshop mtu anaweza kuisogeza mipaka yenyewe kwa vishale vilivyo chini ya dirisha, na hapo Photoshop inastahili bei yake. Kwa GIMP, kwenye picha kama hii, ni afadhali kuchagua eneo kwanza na kubadilisha rangi baadaye.

Kazi hiyo ni ya Select by Color, kifaa kinachoitwa kwa Shift+O. Kwenye chaguo zake kuna orodha ya Select by, na ndani yake HSV Hue. Hapo kifaa kinaacha kutazama mwanga na ukolezi, kinatazama ukoo tu. Mhariri anabofya ukutani, na ukuta wote, wenye jua na wenye kivuli, unachaguliwa kwa pamoja. Threshold ikiwa 15, kama inavyokuja, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukuta ukibaki na mashimo, huongezwa kidogo. Chaguo likianza kumwagikia kwenye nguo, hupunguzwa.

Nguo ndiyo inayofuata kuleta ugomvi, maana kitenge hakikosi buluu. Maua ya gauni yaliyo kwenye nyuzi 210 yataingia kwenye chaguo pamoja na ukuta, na kompyuta haijui maua ni nini. Hapa hakuna ujanja wa namba utakaosaidia. Mhariri huchukua Free Select Tool, hushika Ctrl, na kulizungushia gauni lote mstari ili litolewe kwenye chaguo. Mstari huo hauhitaji usahihi wa sindano kila mahali: pale gauni linapopakana na mkono, anaweza kupita juu ya mkono, kwa sababu mkono haukuchaguliwa tangu mwanzo. Kazi ya makini ni pale tu kitambaa cha buluu kinapogusana na ukuta wa buluu.

Ili kuona alichochagua, hubonyeza Shift+Q. Kila kisichochaguliwa kinafunikwa na wekundu, na ni wakati huo mambo ya ajabu hujitokeza. Kwenye nywele nyeusi kuna vitone vilivyochaguliwa. Kwenye blauzi nyeupe kuna madoa. Chini ya kidevu kuna kiraka. Kwa jicho, hakuna hata chembe ya buluu mahali hapo.

Sababu yake ni ya hesabu, na inafaa kueleweka kwa sababu inaeleza nusu ya kasoro zote za kazi hii. Ukoo wa rangi hupatikana kwa kulinganisha namba tatu za pikseli: ipi kubwa, ipi ndogo, na zinapishana kwa kiasi gani. Pikseli nyeusi ya nywele yenye 52, 50, 51 ina ukoo wa nyuzi 330, upande wa waridi. Pikseli jirani yenye 50, 52, 51 ina ukoo wa nyuzi 150, upande wa kijani. Hakuna mtu awezaye kuzitofautisha kwa macho, zote ni nyeusi, lakini kwenye duara zimekaa pande mbili zinazotazamana. Rangi inapokaribia kijivu, nyeusi au nyeupe, ukoo unakuwa bahati nasibu. Kwa hiyo vitone hivyo hufutwa kwa brashi kwenye hali hiyo ya Quick Mask: rangi nyeusi huondoa kwenye chaguo, nyeupe huongeza. Shift+Q tena, na chaguo linarudi likiwa safi.

Baada ya hapo tabaka la picha hunakiliwa, na nakala huwekewa barakoa kupitia Layer > Mask > Add Layer Mask, kwa kuchagua Selection. Kisha Select > None. Barakoa huacha ukuta uonekane na kuficha vingine vyote, na kilicho bora ni kwamba inaweza kurekebishwa hata kesho. Kabla ya kuendelea, mhariri abofye kijipicha cha tabaka lenyewe, wala si cha barakoa kilicho kando yake, la sivyo atakuwa anaihariri barakoa na kushangaa kwa nini ukuta haubadiliki. Sasa Hue-Saturation hufunguliwa tena, bila kuchagua ukoo wowote, na Hue hupelekwa -33.

Ukuta uliokuwa 111, 163, 200 unakuwa 111, 200, 188. Ukoo ni ule ule wa duka. Rangi yenyewe bado siyo: ni kijani cha mnanaa, kilichopauka, na kinaonekana kimeng'aa kuliko buluu ya mwanzo ingawa hakuna aliyegusa mwanga. Jicho ndilo linalofanya hivyo. Katika hesabu inayotumiwa kwenye skrini za kawaida, kijani huchangia takriban asilimia 72 ya mwangaza tunaouona, nyekundu asilimia 21, na buluu asilimia 7 tu. Mhariri alipoongeza kijani kutoka 163 hadi 200, ukuta uliwaka. Kila safari kutoka buluu kwenda kijani au njano italeta mwako huo, na kila safari ya kurudi italeta giza. Wanaoishia kwenye kidude cha Hue ndio hulalamika kwamba namba ni sahihi lakini rangi inakataa.

Wengi hapo hukimbilia kidude cha Lightness, na matokeo yake kwa kawaida ni ukuta uliochoka. Colors > Curves ni njia ya adabu zaidi. Mhariri anaweka nukta mbili kwenye mstari: namba 200 ishuke hadi 156, na 111 ishuke hadi 63. Nukta hizo mbili zinaipeleka 188 ya buluu karibu kabisa na 143, na ukuta unasomeka 63, 156, 143, rangi ya duka hasa. Kwa kuwa mstari unaanzia kwenye nyeusi na kuishia kwenye nyeupe, vivuli vizito na mng'ao mkali vinabaki mahali pake, na plasta inaendelea kuonekana plasta.

Sahihi wapi, lakini? Hapa mhariri hutofautiana na mteja. Mteja huchukua kidonoa rangi, anabofya kona yenye kivuli, anapata namba nyingine, anapiga simu. Ukuta halisi ukipakwa rangi ya #3F9C8F na kupigwa jua la saa nne, sehemu chache sana zingesomeka namba hiyo. Upande wa kivuli ungekuwa mzito zaidi, na upande wa dirisha ungepauka. Kinachotakiwa ni kwamba sehemu yenye nuru ya wastani, hasa ile itakayokaa karibu na nembo, isomeke namba ya chapa, na zingine zitofautiane kama ukuta unavyotofautiana. Kidonoa nacho kiwekewe Sample average ili kisome wastani wa pikseli nyingi, maana pikseli moja inaweza kuwa chembe ya vumbi.

Mwisho wa kazi hukaguliwa kingo. Ukuta wa buluu uliopigwa jua hurudisha buluu yake kwa aliyesimama karibu nao: ukingo wa shavu, sikio, blauzi nyeupe, vinyweleo vya mkono. Ukuta ukiwa buluu hakuna anayeuona wekuo huo. Ukuta ukigeuka kijani cha bahari, mtu anabaki na uzi mwembamba wa buluu uliomzunguka, na hata asiyejua lolote kuhusu picha atasema kuna kitu hakiko sawa. Dawa yake ni kushusha ukolezi wa buluu kwenye kingo hizo tu, si kuufuta kabisa. Kama kuna kioo, meza iliyopigwa msasa au sakafu ya vigae, nayo ina taswira ya ukuta, na hiyo lazima igeuzwe pamoja na ukuta wenyewe.

Kingo zikionekana na vijingazi vya miraba midogo, kosa huwa si la mhariri. Picha nyingi za JPEG huhifadhi mwanga kwa kila pikseli lakini rangi kwa kundi la pikseli nne, kwa kuwa jicho halitambui upungufu huo. Chombo kinachotazama ukoo peke yake kinautambua mara moja. WhatsApp huiminya picha zaidi, hivyo inayotumwa kwa njia ya kawaida hufika ikiwa imepoteza hata kile kidogo. Mpigapicha aitume kama Document, au alete faili lenyewe kwenye flashi.

Na ukuta mweupe je? Kuta za chokaa za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejaa kwenye picha za mavazi, na mtu hujaribu kuzisogeza kwa Hue bila kupata kitu. Nyeupe haina ukoo wa kusogezwa. Huko hutumika tabaka jipya lililojazwa rangi ya chapa na kuwekwa kwenye hali ya Multiply: palipo peupe panakuwa rangi ya chapa, palipo na kivuli panakuwa rangi hiyo hiyo iliyokolea. Barakoa ichorwe kwa mkono, kwa sababu chokaa ikipigwa na jua la jioni huwa krimu na kuingia eneo lile la ngozi. Kwa ukuta wa udongo au wa mbao nyuma ya watu watano wenye nywele za afro, ushauri wa haki ni kupiga picha upya mbele ya kitambaa cha kijani au cha buluu. Itachukua muda mfupi kuliko kuchora barakoa ya nywele hizo.

Jambo la kuangalia kabla ya kulipia mabango: #3F9C8F ni namba ya skrini. Mashine ya uchapaji huchanganya wino, na kijani cha bahari ni kati ya rangi zinazofifia zikihamia kwenye karatasi. Mwombe mchapaji karatasi moja ya mfano yenye picha na nembo pamoja, uitazame nje mchana, ndipo uidhinishe zilizobaki.